Pesa ya Kiti cha Queen

Nianze na ubaya wake, maana ndivyo tunavyosimulia watu huku kwetu Pongwe. Najat ni mkaidi. Umwambie jua limefika utosini, afunge kibanda akale, atakujibu kuna mama mmoja amesema anakuja kutoa pesa ya dawa. Huyo mama hatokei mpaka alasiri, na akitokea anataka kuuliza salio tu. Mimi huchukua sahani yangu nikamgawia, naye hula huku macho yako barabarani. Mimi ni Zuleha, fundi cherehani. Baraza yangu na kibanda chake vimetenganishwa na ukuta wa mabati tu, kwa hiyo hakuna neno linalosemwa kwake nisilolisikia, na sioni haya kulisema hilo.

Alianza uwakala wa pesa za simu baada ya mumewe kumwacha na mtoto mmoja, Nasri, na deni la kodi ya nyumba. Aliuza mkufu wake wa dhahabu, akanunua floti ya kwanza, lile salio la kuendeshea kazi, akakaa chini ya mwavuli kwenye vumbi la malori yanayoshuka kutoka Muheza. Watu walimcheka. Walisema mwanamke hawezi kushika pesa za watu, ataibiwa au ataiba. Hakuibiwa na hakuiba. Mtu akikosea namba ya kutuma, Najat alimkalisha kwenye benchi akampigia simu mtandao wenyewe mpaka pesa ikazuiwa. Wazee wa pensheni walimwachia simu na namba ya siri pia, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwagombeza nalo kila mwezi. Ndiyo mali aliyokuwa nayo, hiyo ya kuaminiwa. Kibanda ni cha mbao na kodi ya kiwanja analipa. Jina lake likiharibika, hana kazi.

Sasa nije kwa Praxeda. Huyu ni binti wa manamba, wazee wake waliletwa na mkonge kutoka Songea wakabaki. Anafanya kazi ya kuchambua singa, nyuzi za mkonge, kiwandani, na singa zimemla vidole. Nimewahi kumshika mkono nikimpima gauni la Pasaka, nikaona ncha za vidole vyake ni laini tupu, hakuna mistari. Alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilikataa alama zake. Akaenda tena, ikakataa tena. Akachoka. Akawa anatumia simu ya Najat kwa kila kitu, apigiwe na ndugu zake hapo, atumiwe pesa hapo. Najat hakumdai hata shilingi.

Praxeda ana mtoto anaitwa Queen, miguu yake haijawahi kusimama. Mtoto huyo ana maneno kama muuza samaki na akili zinazotisha. Alipata nafasi katika shule ya bweni inayopokea watoto kama yeye, inayofunguliwa Januari, kwa sharti moja, kila mtoto aje na kiti mwendo chake. Praxeda akapokea zamu yake ya upatu, akaja nayo kibandani imefungwa kwenye kitambaa, akamwomba Najat amtafutie kiti kwenye yale maduka ya mtandaoni ya Dar es Salaam.

Najat akakitafuta, akakipata, kiti cha mtoto, rangi ya bluu. Hapa ndipo alipofanya jambo ambalo kila wakala wa huku hulifanya na hakuna anayeliona kuwa ni kosa. Alichukua keshi ya Praxeda, akalipia kwa laini yake yeye mwenyewe. Duka lilituma ombi la malipo kwenye simu yake, akabonyeza namba ya siri, kwisha. Lakini mahali pa jina la mnunuzi aliandika Praxeda, kwa sababu mzigo ulikuwa unakuja kwa basi na ofisi ya vifurushi haimpi mtu mzigo wenye jina la mwingine. Praxeda ana kadi ya mpiga kura, angeupokea mwenyewe, na Najat asingehitaji kufunga kibanda. Niliona akiandika. Niliona ni busara.

Kiti kikaja, na kilikuwa cha mtu mzima. Queen alipowekwa ndani alipotea, akashika mikono ya kiti huku na huku kama aliyekaa kwenye mtumbwi. Alicheka. Mama yake hakucheka. Najat akapiga picha, akaomba kwenye programu ya duka kurudisha bidhaa, na kabla jua halijatua ujumbe ukaingia kwamba ombi la kurudisha limekubaliwa na fedha zitarejeshwa kwa njia iliyotumika kulipa. Akamsomea Praxeda neno kwa neno. Praxeda akapiga ishara ya msalaba. Benchi zima likasema alhamdulillahi.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, kwenye neno limekubaliwa. Sote pale tulielewa kwamba pesa imerudi. Kumbe duka lilikuwa limesema tu, leteni huo mzigo tuutazame. Kiti kilirudishwa kwa basi, kikakaa ghalani kikisubiri kukaguliwa kama kimevunjika au kimechafuliwa. Baada ya ukaguzi jina likapelekwa kwa wahasibu, na wahasibu hawalipi mtu mmoja mmoja, hulipa kwa mkupuo siku walizojipangia. Halafu Krismasi ikaingia na ofisi zikafungwa. Hayo yote nimeyajua baadaye. Wakati ule tulichojua ni kwamba pesa imekubaliwa na simu ya Najat iko kimya.

Praxeda alikuwa akipita asubuhi akienda kazini na jioni akirudi. Mwanzo alikuwa akiuliza huku anacheka. Najat anamfungulia salio analiona mwenyewe. Lakini kila mtu anajua wakala ana laini nyingi, mbili za biashara na mbili zake, na ukionyeshwa salio la moja utajuaje la nyingine. Kicheko kikapungua. Akawa anauliza bila kusimama. Mjini Ngamiani alikuwa ameona dukani kiti cha mtoto, kidogo, kizuri, na mwenye duka amekubali kumwekea mpaka mwaka mpya utakapopita kidogo, si zaidi. Alilitaja hilo kila mara, na kila mara Najat alijibu kwamba akiiona tu ataikimbiza mwenyewe mpaka kiwandani.

Kuna mwendesha bodaboda anaitwa Mwinyijuma, anayeegesha mbele yetu, na kazi yake ya pili ni kusema yasiyomhusu. Huyo ndiye aliyelitamka kwanza. Alisema kwa sauti ya mtu anayeongea na pikipiki yake kwamba pesa za watu zikikaa kwa wakala huzaa. Nikamwambia suruali yake iko tayari, aje achukue anipunguzie kelele. Lakini neno likishatoka halirudi ndani, na nililiona likipita benchi lote, mtu hadi mtu.

Baada ya mwaka mpya Praxeda akaja mchana, hakwenda kazini siku hiyo. Akasimama dirishani pa Najat, akasema kwa adabu kabisa kwamba anaomba wapige simu dukani, naye asikie kwa masikio yake. Najat akafurahi. Nasema alifurahi, mkaidi yule, akaweka sauti ya nje na simu akaiweka juu ya kaunta, watu wote wasikie, maana aliamini ukweli ukisikika na wengi utamsaidia. Mie sikulipenda. Ningeweza kumzuia na sikujua kwa nini nimzuie.

Kijana wa huduma kwa wateja alipokea, mpole, ana lafudhi ya Dar. Akaomba namba ya oda. Akaitafuta.

“Mama, kwetu hapa inaonyesha imeshalipwa,” akasema. “Imetumwa kwenye namba hiyohiyo unayopigia.”

Najat akasema haijaingia. Kijana akarudia kwamba kwao imeshalipwa, asubiri tu, au aangalie vizuri ujumbe wake. Najat akamwomba namba ya kumbukumbu ya muamala, kijana akasema atatumiwa, na salio la maongezi likaisha katikati ya neno. Mwinyijuma akatazama chini, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angesema.

Praxeda hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimwambia tu, “Dada Najat, kama ulikuwa na shida si ungeniambia? Tungesaidiana.” Kisha akaondoka kwa miguu, kanga yake imeshuka begani na hakuirekebisha.

Usiniulize Najat alilala vipi. Kesho yake alifunga kibanda, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaenda mjini Tanga kwenye ofisi ya mtandao wa simu. Nikaenda naye. Dada wa kaunta akaingiza namba, akageuza skrini tuone wenyewe, hakuna muamala wowote kutoka kwa duka lile, si ulioingia wala uliokataliwa. Najat akauliza, basi inawezekanaje wale wanasema wameshalipa. Yule dada akasema kwao wao pesa isiyofika haipo, hawawezi kuitafuta njiani, aulizwe aliyetuma. Najat akaomba karatasi ya kuthibitisha, akapewa taarifa ya miamala yenye muhuri. Aliikunja akaiweka kwenye sidiria kama wanavyoweka bibi zetu pesa.

Tuliporudi, karatasi ile ilikwenda mkono kwa mkono. Hakuna aliyeisoma. Mmoja aliuliza kama ni ya laini zote. Nikajibu mimi, kwa ukali, kwamba pesa ilitakiwa kurudi kwenye laini iliyolipa na si nyingine. Wakanisikiliza kwa heshima ya kumsikiliza rafiki wa mtuhumiwa.

Na muda haukusubiri. Mwenye duka wa Ngamiani alituma salamu kwamba kuna mteja mwingine wa kile kiti. Shule ilikuwa inafungua Jumatatu inayofuata. Jioni moja Queen mwenyewe aliletwa mgongoni kwa mama yake, wanapita, na mtoto akamwamkia Najat shikamoo kama kawaida yake, kisha akamuuliza kama pesa ya kiti imelala Dar. Hakukuwa na ubaya wowote ndani ya swali lile. Najat aliitikia marahaba, akasema ndiyo, imelala, itaamka. Walipopita akaingia ndani ya kibanda, nikasikia kupitia bati kwamba analia.

Asubuhi alitoa keshi ya biashara, ile ya kuwapa watu wanaokuja kutoa, akaihesabu mara mbili, akaipeleka kwa Praxeda. Nilimsimamisha njiani nikamwambia usifanye hivyo.

“Ukilipa watasema ulikuwa nayo,” nikamwambia.

“Nisipolipa mtoto hasomi,” akasema. “Yangu itakuja, Zuleha. Ile iko mahali.”

Praxeda aliipokea kwa mikono miwili. Alishukuru, akalia hata, akamkumbatia. Siku hiyohiyo wakapanda gari kwenda Ngamiani, kiti kikanunuliwa, na Jumatatu Queen akaingia shule akisukumwa na mlinzi wa getini. Picha yake ilitumwa kwenye simu ya Najat, maana hawana simu nyingine. Anacheka meno yote. Najat aliniletea nione, na uso wake ulikuwa umeng'aa kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Sasa sikiliza ilivyokuwa kwetu barazani. Pongwe nzima ilipata habari kwamba Najat amelipa. Na kwa hesabu za watu, mtu hulipa kile alichokula. Waliokuwa na mashaka wakatulia, waliokuwa wakimtetea wakanyamaza, nami nikabaki peke yangu na ulimi wangu. Mwisho wa mwezi wafanyakazi wa mkonge wakaja kutoa mishahara yao kama desturi, na Najat akawaambia kuanzia wa nne kwamba keshi imekwisha. Ilikuwa kweli, imekwenda kwenye kiti. Wao wakatazamana. Wakala asiye na keshi mwisho wa mwezi, tena ndiye yule. Wakavuka barabara kwa wakala mwingine, kijana mgeni aliyefungua karibu na kituo cha mafuta. Wazee wa pensheni wakaja mmoja mmoja kuchukua simu zao walizokuwa wakimwachia, wakisema wajukuu wamesema wakae nazo wenyewe. Walisema kwa upole, na Najat akawafutia kioo kwa kanga kabla ya kuwarudishia.

Nilikasirika, na bado nina hasira. Nilimkasirikia Praxeda, nikamkasirikia Mwinyijuma, nikamkasirikia kijana wa Dar aliyesema imeshalipwa kwa sababu kioo chake kimemwambia hivyo. Najat hakukasirika. Kila siku mchana alipiga simu dukani, akaomba namba ya kumbukumbu, mpaka siku moja akapigiwa na mwanamke wa uhasibu, sauti ya mtu mzima, akamweleza kila kitu taratibu. Nilisimamisha cherehani nikasikiliza.

Alisema pesa ya mteja hairudi kwa njia ileile iliyokuja, japo ujumbe unasema hivyo. Ikishalipwa hupita kwa kampuni ya kati inayokusanya malipo, kisha huenda benki ya duka, na huko huchanganyika na nyingine. Ya kurudisha ni malipo mapya kabisa. Duka huweka fedha kwa ile kampuni ya kati, huipelekea orodha, nayo ndiyo inayosukuma kwenye simu za watu. Duka likishaipeleka orodha, mfumo wao huandika imelipwa. Lakini kampuni ya kati kabla ya kusukuma hulinganisha majina, la mnunuzi na la mwenye laini, ili pesa isiende kwa mwizi.

“Oda ina jina la Praxeda,” yule mama akasema. “Namba ina jina la Najat. Imezuiliwa hapo tangu mwanzo, na sisi hatukurudishiwa taarifa. Samahani sana, mama.”

Najat akauliza afanye nini. Akaambiwa atume picha ya kitambulisho chake, na ujumbe wa kuthibitisha kutoka namba hiyohiyo iliyolipa, kisha itaingizwa kwenye mkupuo unaofuata. Akatuma palepale. Alipomaliza alikaa akitazama barabarani. Nikamwambia, umesikia, ni lile jina uliloandika ili mwenzio asihangaike kwenye vifurushi. Akasema amesikia.

Hata mkupuo unaofuata haukufuata upesi. Pesa ilikuja mwezi wa pili, siku ya gulio, mvua ikinyesha. Simu ilitetemeka juu ya kaunta. Najat akausoma ujumbe, akausoma tena, akanipitishia dirishani nami nikausoma, jina la duka, kiasi kilekile, tarehe ya siku ileile na saa ileile. Nilipiga kigelegele, sikujali nani anasikia. Nikamwambia amwite Mwinyijuma aone tarehe, tuubandike ukutani, tuupeleke msikitini na kanisani. Yeye akasema Praxeda kwanza. Alijifunika kanga kichwani, akafunga kibanda, na mimi nikamfuata kwenye matope mpaka nyumba za kambi ya wafanyakazi wa mkonge.

Praxeda alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Alitukaribisha, akainuka kutupisha viti. Najat hakukaa. Alimwelekezea simu, akamwambia imeingia leo, dada yangu, sasa hivi, tazama tarehe, ilizuiliwa huko Dar kwa sababu ya majina, wala haikuwahi kufika kwangu. Alizungumza haraka, mvua ikidondoka kwenye kioo.

Praxeda aliitazama simu kidogo, kwa heshima, kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa jirani. Kisha akaisukuma irudi kwa mwenyewe, taratibu, akamshika Najat mkono kwa vidole vyake vile laini.

“Hayo yaliisha, dada Najat,” akasema. “Queen anasoma. Mimi nilishakusamehe zamani.”

Nilifungua mdomo. Najat alinibana kiwiko, akanibana kwa nguvu, akamjibu Praxeda kwamba ahsante.